Shajara ya kibao cha duka: nusu juani, nusu kivulini

29 Agosti

Friji limefika jana, na leo Mama Mdogo ameanza na la kibao. Duka lake liko hapa Mikindani, kando ya barabara kuu iendayo Mtwara mjini. Ukitokea dukani unaona maji ya ghuba, na ubavuni kuna mwembe mkubwa wenye benchi ambalo vijana wa bodaboda wamelifanya kijiwe. Kibao cha zamani kilikuwa bati. Upepo wa chumvi umelila hadi jina halisomeki, limebaki "DU" na kitu kama "A".

Anataka kibao kipya chenye maneno. "Si jina tu, mwanangu. Mtu akipita asome, moyo umsimame, na yeye asimame." Kazi hiyo nimepewa mimi kwa sababu niliwahi kufundisha Kiswahili, kana kwamba kufundisha insha na kuandika kibao ni kazi moja.

Yeye ana maneno yake tayari, ameyaandika nyuma ya daftari la madeni: *Karibuni wateja wetu, tunawathamini na kuwajali daima.* Sikumbishia. Nimeyaandika kwa chaki kwenye ubao mweusi wa mwanangu, nikauegemeza ukutani, kisha nikamwomba kijana mmoja wa kijiweni aende hadi kwenye tuta, arudi kwa mwendo wake wa kawaida, na akipita aseme kwa sauti alichosoma.

Akapita. "Karibuni wateja wetu tunawa..." Sauti ikaishia huko mbele.

31 Agosti

Leo nimepima. Anayetoka mjini anaanza kuliona duka akishaupita mwembe, na kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua zangu 45, yaani kama mita 32. Nilikaa na simu nikihesabu sekunde. Bodaboda wanazimaliza hizo mita kwa sekunde nne, bajaji kwa tano hivi. Mwenda kwa miguu ana karibu nusu dakika, lakini huyo naye kichwa kiko chini, anaangalia mchanga na simu yake.

Wanaofundisha kutengeneza mabango husema maneno yasizidi saba. Kwa Kiswahili kanuni hiyo inadanganya. Sentensi ya Mama Mdogo ina maneno saba kamili, na ilimshinda kijana mwenye macho mazima. Neno letu moja linabeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo, yote kwa pamoja. *Tunawathamini* peke yake ni herufi 13. Kwa hiyo nimeacha kuhesabu maneno, nahesabu herufi. Yake ilikuwa na 46. Nimejiwekea mpaka wa 25, na zikipungua ni heri.

Nahesabu pia mizani, kama kwenye shairi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na methali nyingi zinazokaa mdomoni ziko humo humo: vipande viwili vinavyokaribiana urefu, kila kimoja kikiwa na mizani nane au chini yake. Kipande hicho mtu anakisema kwa pumzi moja. Sioni haja ya kubuni kauli mpya wakati wazee walishapima.

Mpango ni kwamba kabla ya kumlipa fundi hata shilingi, kila kauli itakaa kwenye ubao wa chaki siku tatu au nne. Sitauliza watu wameipendaje, maana ukimuuliza mtu wa hapa atakwambia nzuri, akuridhishe. Nitasikiliza nani anaisema kwa sauti bila kuulizwa.

3 hadi 6 Septemba: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA

Hii aliichagua Mama Mdogo, na uchungu wake naujua, kwa sababu daftari lile nimelishika. Herufi 25, imefika mpakani. Na ilisomwa sana! Wanafunzi waliiimba, bodaboda walitupiana.

Tatizo lilikuja siku ya pili jioni. Kuna mzee mvuvi ambaye huchukua sukari robo na majani, na hulipa. Pesa ya mvuvi ina siku zake, na yeye hajawahi kuvusha mwezi. Alikuja na kikapu chake, akasimama mbele ya ubao, akausoma polepole mpaka mwisho. Nilikuwa ndani nikimwona. Akanisalimia, akauliza bei ya kiberiti, akanunua kiberiti kimoja kwa sarafu, akaenda zake. Sukari hakuitaja.

Waliokuwa wakisumbua wala hawakushtuka. Mmoja aliisoma kwa kicheko na papo hapo akaomba sabuni kwa deni. Kauli ya kukataza ukiiweka barabarani inamsema kila mtu, na mwenye haya ndiye anayeumia. Mahali pake ni ndani, juu ya kaunta, pale ambapo anayekopa na anayekopesha wanatazamana. Nimeiandika kwenye kadi, nimeibandika juu ya mizani. Mama Mdogo ameridhika shingo upande.

8 hadi 10 Septemba: KIZURI CHAJIUZA, KIBAYA CHAJITEMBEZA

Herufi 32, nimevuka mpaka wangu mwenyewe, lakini nilitaka kuijaribu kwa sababu ya mizani yake: saba, kisha nane. Angalia pia lile *chajiuza* la kizamani. *Kinajiuza* ya siku hizi ingeongeza mizani na kulegeza kauli. Ndiyo maana methali ukiitia sarufi ya leo inakuwa kama tangazo la mkutano.

Haikumaliza siku tatu. Jirani wa ng'ambo ya barabara, naye ana duka, mwezi uliopita alinunua spika. Asubuhi hadi jioni inataja mchele, unga, mafuta, na bei zake. Mimi, naapa, sikuikumbuka ile spika nilipokuwa naandika. Yeye aliikumbuka. Hakuja kugomba, alimtuma mtoto kununua pipi na kuuliza, "Baba anasema, kinachojitembeza ni nini?"

Hapa ndipo nilipojiona mjinga. Mtu wa pwani hasomi kauli ya wazi kama kauli ya wazi. Tumelelewa na maneno ya kanga: mwanamke akivaa kanga yenye kauli fulani akapita mlango fulani, mtaa mzima unajua imetumwa kwa nani. Ubao ukutani ni kanga ya duka. Kauli yoyote yenye *kizuri* na *kibaya*, au *mwenye wivu*, au *wasemao*, itatafutiwa mwenyewe, na jirani wa karibu ndiye atakayepatikana. Mama Mdogo alivuka mwenyewe na soda mbili baridi kwenda kuyamaliza. Nimeongeza sharti: kauli isimwache mtu wa pili akisemwa.

Aliniuliza pia kwa nini tusiandike tu *Riziki hutoka kwa Mungu*. Haina ubaya, ila maduka yenye maneno ya namna hiyo tumeyahesabu manne kabla ya kufika kituo cha daladala, na hakuna anayeyasoma tena.

12 hadi 15 Septemba: HABA NA HABA

Hii ilinifundisha jambo kuliko zote. Niliandika nusu tu, makusudi. Herufi kumi.

Asubuhi ya kwanza mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani alipita bila kugeuza shingo, akasema, "Hujaza kibaba." Hakusimama wala hakutuangalia, ila alijibu kama mtu aliyeitwa. Baada yake watoto wa shule, kisha dereva wa bajaji, kisha shehe wetu wa jirani kwa sauti ya chini. Nusu ya methali ni kama hodi: ukiisikia, mdomo unajibu wenyewe. Na aliyejibu ameshalisoma lile bango kwa mdomo wake, hata kama jicho lilipata sekunde nne tu.

Tena ilifaa biashara. Hapa tunauza kwa kupima, sukari robo, mafuta ya kula kwa kipimo kidogo. Na kibaba chenyewe ni kipimo cha dukani. Wazee walipimia nafaka: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Methali hii ilitoka kwenye kaunta kama yetu, ikarudi. Niliona nimemaliza kazi.

Siku ya nne mgeni mmoja alisimama na gari, akasoma, akamuuliza Mama Mdogo kwa nia njema kabisa, "Mama, bidhaa zimeadimika?"

*Haba*. Ukiikata methali, nusu iliyobaki inasimama kwa maana yake yenyewe. Kwenye methali nzima, haba ni mwanzo wa wingi. Juu ya mlango wa duka, haba ni rafu tupu. Kijana wa kijiweni amelisikia hilo na sasa anamsalimia Mama Mdogo, "Shikamoo mama, leo mna haba gani?" Nimefuta.

Kwa hiyo nusu inayokaa barabarani lazima iwe njema hata kama mtu hajui inayofuata. Nimekaa usiku na orodha. *Mgaagaa na upwa* ni nzuri kwa Mikindani, upwa wenyewe uko mbele ya macho, lakini ukiikata hapo unampata mtu anayegaagaa tu. *Bandu bandu* inaishia kwenye gogo kwisha, nani anataka hilo dukani. *Mchumia juani* ikabaki.

17 hadi 20 Septemba: MCHUMIA JUANI, HULIA KIVULINI

Nimeiandika nzima kwanza. Mizani saba kwa saba, na vina vya *ni* pande zote mbili. Herufi 25. Nusu ya kwanza, *mchumia juani*, ni herufi 12, na haimsemi mtu vibaya. Inamtaja kila anayepita hapa: mwenye ndoo, mwenye bodaboda, anayetoka shambani kufyeka chini ya mikorosho kabla msimu haujafunguka. Na kivuli tunacho, kile cha mwembe, chenye benchi, na sasa chenye soda baridi karibu na hapo. Sijui kwa nini sikuanza nayo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, wale wale vijana:

"Mwalimu, huyu amechuma juani, amefika kivulini, analia nini?"

"Amesikia bei ya soda."

Kicheko kilikwenda mpaka ng'ambo. Kosa si lao. *Hulia* hapa ni kula mahali fulani, ila siku hizi ukiliona limeandikwa, bila sauti, bila mzee wa kukusomea, cha kwanza kinachokuja ni machozi. Katika mazungumzo hakuna utata, kwenye bango upo. Nilijaribu kuwaeleza kauli ya kutendea, nikaona nimegeuka mwalimu tena, nikanyamaza.

21 Septemba

Usiku nilibadili neno moja. *Hunywa kivulini* inasema ukweli wa friji letu, lakini *hu-nywa* ni mizani miwili na kipande kinachechemea: saba kwa sita. Ukiisema kwa sauti unaona mguu umepungua. *Hupoa*: hu-po-a, mitatu. *Hupoa kivulini*, saba. Soda imepoa, na aliyetoka juani naye anapoa, mwili na roho.

Mama Mdogo hakutaka. "Methali ya wazee hairekebishwi kama suruali." Nikamwambia wenye kanga wanazirekebisha kila mwaka. Akasema kanga inafuliwa ikachakaa, kibao kitakaa.

Tumekubaliana hivi: barabarani tutaandika nusu ya kwanza tu, na mpita njia aimalizie mwenyewe kama alivyofundishwa kwao. Nusu ya pili itakuwa kwenye kibao cha pili, chini ya mwembe, juu ya benchi, mahali ambapo huwezi kuisoma mpaka uingie kivulini. Hiyo ndiyo itakayosema *hupoa*.

24 Septemba

Fundi wa mabango amekuja. Anatoza kwa herufi, 2,000 kila moja kwa zile kubwa, kwa hiyo kwake nusu ya methali ni hasara na ameisikitikia waziwazi. Karatasi moja ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Tumeipasua kwa urefu, tukapata mbao mbili za 244 kwa 61: moja ya juani, moja ya kivulini. Bati nilikataa. Chumvi ya hapa tumeshaona inavyolila.

Ukubwa wa herufi tumeupata kwa hesabu ya kawaida ya kazi yake: kila sentimita mbili na nusu za kimo zinasomeka bila shida kutoka mita tatu. Herufi ya sentimita 20 inasomeka vizuri kutoka mita 24. Kwa bodaboda hiyo ni sekunde tatu, na kwa herufi 12 zinatosha na kubaki. Kila herufi, pamoja na nafasi yake, inachukua kama sentimita 17 za upana. Herufi 12 na mwanya mmoja ni 221, zinaingia na zinaacha pambizo la zaidi ya sentimita 11 kila upande. Fundi alitaka kulijaza pambizo hilo na maua. Chini, kwa herufi za sentimita nane kwa ajili ya waendao kwa miguu: SODA BARIDI, MAJI, VOCHA. Hilo limempunguzia huzuni.

Tulibishana kuhusu rangi. Yeye alitaka nyekundu juu ya bluu, na kila herufi aitie kivuli upande wa kulia. Nyekundu ndiyo inayokimbia kwanza juani, na jua la asubuhi linatupiga usoni. Kile kivuli cha herufi, ukiwa mbali, kinaungana na herufi yenyewe, tundu la A linazibika, U inaonekana O. Tumechukua nyeusi juu ya njano. Ameniambia inafanana na alama ya barabarani. Nikamjibu ndiyo hiyo hiyo nataka.

27 Septemba

Mbao zimepakwa. Nilisimamia kitu kimoja: kingo. Plaiwudi hainywi maji usoni, inanywa ubavuni, pale tabaka zake zinapoonekana. Kingo zikiachwa bila rangi, masika moja inafumuka kama kitabu. Tumezipaka mara tatu, na mgongo mara mbili, ingawa hakuna atakayeuona.

Kosa limetokea na ni langu. Fundi alichora kwa penseli MCHUMIA JUANI akianzia kushoto, nami nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa ameshapaka hadi JUA, na NI imebaki na nafasi ya kidole. Zile M mbili ni pana kuliko herufi nyingine, hesabu yangu ya sentimita 17 ilizichukua kama I. Amefuta kwa thina, akachora upya akianzia katikati, kwenye ule mwanya, akaenda kushoto kisha kulia. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, na yeye anajua hivyo, ila alikuwa akinisubiri niseme mimi msimamizi.

1 Oktoba

Vimetundikwa. Cha barabarani kimeelekezwa kidogo upande wa mjini, si sambamba na ukuta, ili anayetoka nyuma ya mwembe akipate mapema. Cha kivulini kimefungwa kwenye nguzo mbili nyuma ya benchi, hatukupigilia msumari kwenye mwembe.

Nimemrudisha yule kijana wa kwanza kwenye tuta. Alipopita alipaza sauti, "Mchumia juani!" kisha akageuza pikipiki, akaja kuegesha, akasoma cha pili. "Hupoa," akasema. "Sasa hapo sawa. Yule wa kwanza alikuwa ananitia simanzi."

9 Oktoba

Wiki moja. Sitadai kwamba mauzo yamepanda kwa sababu ya maneno, maana friji nalo ni jipya na joto limeanza. Ninachoweza kuandika ni kwamba wanaomalizia kwa sauti wapo kila siku, na wengi wanasema *hulia*, kama tulivyotarajia. Jirani wa ng'ambo amemuuliza fundi wetu bei. Mzee mvuvi amerudi kwenye sukari yake, ile kadi ya harusi na matanga iko ndani na hajaitaja.

Leo mchana alikuja babu mmoja kutoka upande wa Naumbu, mguu umejaa vumbi. Alisoma cha barabarani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia kivulini, akasoma cha pili, akasimama.

"Nani ameandika hili? Ni *hulia*, si *hupoa*."

Mama Mdogo alinitazama kwa jicho la nilikwambia. Kisha akafuta benchi kwa upindo wa kanga.

"Karibu ukae, baba. Huyu hapa ndiye aliyeandika, mrekebishe."

Babu alikaa karibu saa nzima, akanywa maji na soda moja ya tangawizi, akanipa methali sita nilizokuwa sizijui zote. Mbili nimezipima mizani usiku huu.

Skrubu ya juu kushoto imeanza kuchuruza kutu kwenye njano. Kesho niibadilishe kabla haijafika kwenye M.